Oveni inaunguza nyuma na kuacha katikati kubichi: niamini swichi au kipimajoto?

"Shikamoo mwalimu. Naoka keki za oda hapa Morogoro. Jiko langu ni la pleti tatu za gesi na moja ya umeme, oveni yenyewe ya umeme, haina feni. Kila keki inaungua upande wa nyuma kushoto, halafu katikati inabaki mbichi hata zikipita dakika hamsini. Nimenunua kipimajoto cha kuning'iniza. Nikiweka swichi kwenye 180 chenyewe kinasoma 210, nikichungulia baadaye kinasoma 185. Niamini kipi? Na ile kona nitaifanyaje? Au ninunue jiko jingine?"

Marahaba dada yangu. Jiko usinunue kwanza. Oveni yako ina maradhi mawili, na watu wengi huyatibu kama ni moja, ndiyo maana hayaponi. La kwanza ni kwamba joto la jumla limezidi unaloliomba. La pili ni kwamba joto hilo halijagawanyika sawa. Kipimajoto chako kinaona la kwanza tu, kwa sababu kinapima pale kiliponing'inia na si kwingine. La pili tutalitafuta kwa mkate wa slesi. Anza na la kwanza, maana oveni ikiwa na moto kupita kiasi kila kona itaonekana korofi, na utahangaika na upande wa kushoto wakati tatizo liko kote.

Sasa hiyo 210 na hiyo 185. Zote mbili ni kweli. Thamostati haishikilii joto mahali pamoja kama unavyoshika kikombe. Kazi yake ni kuwasha koili na kuzizima. Ukiweka 180, koili zinawaka mpaka kile kijiti cha thamostati kilichomo ndani ya oveni kihisi joto limefika, halafu zinazimwa na taa ndogo ya mbele inazimika. Lakini koili iliyokwisha kuwa nyekundu haipoi papo hapo, kwa hiyo joto linaendelea kupanda kwa muda. Kisha linashuka taratibu, linapita chini ya ulichoomba, ndipo koili zinawaka tena. Joto la oveni basi linapanda na kushuka muda wote, na wewe mara moja umelikuta karibu na kilele, mara ya pili karibu na bonde. Joto la oveni yako ni wastani wa kilele na bonde. Kuchungulia mara moja hakukuambii chochote, hata kipimajoto kiwe cha bei gani.

Ili uupate huo wastani, weka wavu nafasi ya katikati na usimamishe kipimajoto katikati ya wavu, mbali na kuta na mbali na koili. Kikikaribia koili kitapokea mnururisho wake moja kwa moja na kusoma juu kuliko hewa inayoizunguka keki. Oveni iwe tupu, trei zote zitoke. Weka 180, funga, na usifungue tena. Soma kupitia kioo kwa tochi ya simu. Ukifungua mlango ili uone vizuri, utapima hewa ya jikoni kwako iliyoingia sasa hivi. Taa ikizimika mara ya kwanza, usiandike kitu, maana mpando wa kwanza huwa mkubwa kuliko yote na hauwakilishi hali ya kawaida. Subiri mpaka ifike nusu saa tangu ulipowasha. Baada ya hapo, kila mshale unapofika juu kabisa na kuanza kurudi, andika, na kila unapofika chini kabisa na kuanza kupanda, andika. Vilele vitatu na mabonde matatu vinatosha.

Nikupe mfano wa oveni ya mwanafunzi wangu mmoja hapa Dar, ambayo ni pacha wa ya kwako: koili juu, koili chini, haina feni. Malalamiko yake yalikuwa haya haya, neno kwa neno. Alipoweka 180, mshale katika mpando wa kwanza ulifika 216. Baada ya nusu saa ukawa unacheza kati ya 212 na 184, ukirudia hivyo hivyo mara tatu. Jumlisha, gawa kwa mbili: 198. Kwa hiyo oveni ilikuwa imezidi kwa nyuzi 18.

Angalia hapo, kwa sababu ndipo watu wanapojikwaa. Yeye alikuwa ameona 210, akatoa hesabu ya haraka kwamba jiko limezidi kwa 30, akawa anaweka 150. Keki zikaacha kuungua, ila zikawa zinatoka nzito, rangi hafifu, zimejaa na kushuka katikati. Akailaumu beking pauda. Kumbe kwenye 150 oveni ile ilikuwa inampa wastani wa 163, moto ambao mchanganyiko wake wa siagi na sukari haukuutaka. Tofauti haikuwa 30 na wala haikuwa 18 kila mahali: kwenye 150 ilizidi kwa 13, kwenye 180 kwa 18, kwenye 200 kwa 22. Thamostati nyingi za majiko haya huwa hivyo, kosa linakua kadiri unavyopandisha. Kwa sababu hiyo pima kwenye alama tatu unazozitumia kweli, usipime moja tu ukadhani umemaliza. Kama unaoka na mikate, ongeza ya nne kwenye 220.

Ukishapata namba hizo, kuitafuta alama unayoihitaji ni hesabu ya kawaida. Kwake yeye, kupandisha swichi kutoka 150 hadi 180 kulipandisha joto halisi kutoka 163 hadi 198, yaani nyuzi 35 kwa alama 30. Alihitaji 180 halisi, ambayo iko nyuzi 17 juu ya 163. Hiyo ni karibu nusu ya njia, tukaweka 165. Tukapima kuhakikisha: kilele 193, bonde 167, wastani 180 kamili. Tukaandika kwenye kipande cha soloteipu ya karatasi na kukibandika kando ya swichi: "165 ni 180." Kwa kuwa swichi zenyewe hazina alama kila nyuzi tano, tulichora kistari cha kalamu pale pale iliposimama.

Kupanda na kushuka kwa nyuzi 28 kusikutishe. Keki ni kitu kizito chenye maji mengi, inameza mabadiliko hayo bila kuyaona. Vileja na biskuti nyembamba ndivyo vinavyoona, hasa ukiviingiza wakati koili ya juu imewaka. Ningeanza kushuku thamostati kama tofauti ya kilele na bonde ingezidi 40, au kama vilele vyenyewe havifanani, mara 205, mara 230, mara 198. Oveni inayokosea vile vile kila siku inarekebishika kwa soloteipu. Ile inayokosea kila siku kivyake inahitaji fundi.

Utauliza, na kipimajoto chenyewe nikiamini kwa nini? Swali halali. Hivi vya kuning'iniza vina utepe wa metali mbili ndani, vikianguka mara moja vinaweza kupotea. Kwanza angalia usije ukawa unasoma mzunguko wa F badala ya C; vingi vina yote mawili, na 350 ya Farenhaiti ni kama 177 ya Selsiasi. Kisha kijaribu kwa sukari. Sukari nyeupe ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 186. Kunja kikombe kidogo cha foili, weka kijiko kimoja cha sukari, kikae ubavuni mwa kipimajoto. Tafuta alama ambayo kipimajoto kinasema kilele hakivuki 180, acha robo saa. Sukari inatakiwa kubaki chembe chembe. Kisha pandisha mpaka wastani usome 195, robo saa nyingine. Sasa inatakiwa iwe imeyeyuka. Kama imeyeyuka kwenye raundi ya kwanza, kipimajoto kinasoma chini ya ukweli. Kama raundi ya pili imebaki chembe, kinasoma juu. Hii haitakupa namba kamili, lakini itakuambia kama una chombo cha kazi au pambo. Jaribio la maji yanayochemka liache kwa vile vya sindano vya kuchomeka. Hiki chako ukikitumbukiza majini utakiua.

Neno moja kuhusu umeme, maana najua mitaa yetu jioni. Nguvu ya koili haifuati volti sawa kwa sawa, inafuata volti mara volti. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 200, koili inabaki na kama robo tatu tu ya nguvu yake. Thamostati bado itazima pale pale, kwa hiyo wastani wako hautaharibika sana, ila oveni itachelewa kupata moto na koili zitakaa zimewaka muda mrefu kila zamu. Ukipima saa nne asubuhi halafu unaoka saa moja jioni mtaa mzima ukiwa umewasha, usishangae tabia ikibadilika. Pima saa unayooka.

Na taa kuzimika mara ya kwanza si ishara ya kuingiza keki. Wakati ule hewa imepata moto, ila kuta, wavu na sakafu ya oveni bado. Ukifungua mlango hewa hiyo inakimbia, kuta hazina cha kurudisha, koili zinawaka kwa nguvu kulipia, na keki inaunguzwa juu na chini kabla haijapata joto la pembeni. Nusu saa, hata kama luku inauma.

Sasa tuje kwenye kona. Nunua mkate wa slesi mmoja, mweupe, wa leo. Weka oveni kwenye 180 halisi, yaani ile alama uliyoipata kwa kupima, na iache ipate moto nusu saa. Toa wavu wa katikati kwa kitambaa, panga slesi tisa juu ya wavu wenyewe, tatu kwa tatu, kuanzia nyuma hadi mbele na ukuta hadi ukuta. Usiziweke kwenye trei, maana trei itakuonyesha tabia ya trei. Zitoboe kwa kijiti cha meno kuzihesabu: tundu moja, mawili, mpaka tisa. Rudisha, funga, dakika nane hadi kumi, au mpaka ile ya kwanza iwe kahawia iliyokolea. Toa wavu mzima kwa pamoja na upige picha kabla hujagusa kitu. Kisha zigeuze zote, pale pale zilipo, upige picha ya pili. Upande wa juu unakuambia habari za koili ya juu, upande wa chini habari za koili ya chini, na mara nyingi picha hizi mbili hazifanani.

Kwa mwanafunzi wangu, slesi ya nyuma kushoto ilikuwa kama kahawa ya kuchoma. Ya nyuma katikati ilifuata. Safu ya kati ilikuwa nzuri. Ya mbele kulia ilikuwa nyeupe karibu kama ilivyoingia, imekauka tu. Upande wa chini ulikuwa hivyo hivyo, ila wenye rangi nzito zaidi kila mahali. Yeye aliitazama ile nyeusi. Mimi niliitazama ile nyeupe. Kona inayoungua inavuta macho, lakini mara nyingi haina kosa lolote. Kona yenye kosa ni ile inayopoteza joto, na ile ya upande wa pili inalipa deni lake.

Oveni ikiwa baridi na imechomolewa, tulikata kipande cha karatasi ya daftari, tukakibana na mlango, tukakivuta. Kushoto kilikataa kutoka. Juu kilikataa. Chini kulia kikateleza kama hakuna kitu. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa na kuchanika pale kwa urefu wa kidole. Hewa baridi ilikuwa inaingia kwenye ule mwanya na kupita ubavuni mwa kulia, na katika oveni ile kijiti cha thamostati kimekaa ukutani kulia. Umeona ilivyojifunga? Kijiti kinapigwa na ubaridi, kinadhani oveni haijafika, kinaacha koili ziwake zaidi. Upande wa mbali na mwanya, yaani nyuma kushoto, unapokea moto wote huo bila kupoozwa. Maradhi yale mawili niliyokutajia mwanzo yalikuwa na mzazi mmoja. Si kila oveni iko hivyo, lakini fanya jaribio la karatasi kuzunguka mlango wote kabla hujamwita mtu.

Kama mpira ni mzima, chungulia hicho kijiti. Ni kama kalamu nyembamba ya shaba au chuma, kimeshikwa na vibanio ukutani au kwenye dari ya oveni. Vibanio vikilegea, kinaanguka na kugusa ukuta, nacho kinaanza kupima ukuta badala ya hewa. Kukirudisha kwenye vibanio vyake, jiko likiwa limechomolewa, ni kazi ya dakika mbili. Usikikunje kwa nguvu, maana mrija wake una kimiminika ndani na ukivunjika thamostati imekwisha.

Kuna kosa jingine linalojifanya kona ya moto, nalo ni jiko kukaa kombo. Weka pima maji juu ya wavu, au sahani yenye maji kidogo kama huna. Utazitofautisha hivi kwenye keki yenyewe: jiko likiwa kombo, upande wa chini unakuwa mnene kwa sababu uji umetiririkia huko, na rangi inaweza kuwa sawa kote. Kona ikiwa na moto, upande ule unakuwa mweusi na mfupi, kwa sababu uliganda mapema kabla haujapata nafasi ya kuumuka, na nundu la keki linasogea upande wa baridi. Keki yako ikitoka, ikate katikati kutoka nyuma kushoto hadi mbele kulia, uitazame ubavuni.

Halafu kuna chombo chako. Hukuniambia unaokea nini, ila nimeona wengi wenye oveni ya sentimita 50 wanatumia ile trei kubwa iliyokuja na jiko, inayojaa kutoka ukuta hadi ukuta, halafu juu yake wanaweka chombo cha keki. Trei hiyo ni ukuta. Katika oveni isiyo na feni, hewa ya moto inapanda pembeni na kushuka katikati yenyewe. Ukiizibia njia, moto wa chini unabaki chini na unatorokea kwenye mwanya wowote unaoupata, mara nyingi nyuma, kwa sababu trei haigusi kule. Weka chombo cha keki moja kwa moja juu ya wavu, kisiguse ukuta wowote, na kiwe na nafasi ya vidole viwili au vitatu kila upande. Panga urefu wa wavu ili katikati ya keki yenyewe iwe katikati ya oveni. Wavu ukiwa katikati, keki ndefu inakuwa imesogelea koili ya juu. Ukipika keki mbili, zikae wavu mmoja. Zikipangwa ghorofa, ya chini itaunguzwa tako na ya juu itaunguzwa kichwa.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kugeuza. Geuza chombo nusu mzunguko, nyuma ije mbele, mara moja tu, wakati theluthi mbili za muda zimepita. Keki ya dakika 40 unaigeuza kwenye dakika ya 26 au 27. Ukiwahi, katikati bado ni uji uliojaa hewa, utaitikisa na itanywea. Gonga ubavu wa chombo kidogo: uso ukicheza kama uji, funga usubiri dakika nne. Mwanafunzi wangu alikuwa anageuza kila dakika kumi kwa wasiwasi, na kila mara mlango ulipofunguka koili ziliwaka kwa muda mrefu kulipia. Alikuwa anaiongezea ile kona moto kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu chini kuwa na rangi nzito kuliko juu, bibi yangu angekucheka. Alipokuwa akioka mkate wa kumimina kwa sufuria, makaa mengi yalikaa juu ya kifuniko na machache chini, tena ya chini aliyatandaza pembeni, katikati akaacha wazi. Oveni zetu nyingi za umeme zinafanya kinyume: koili ya chini ina nguvu na iko karibu. Dawa ni kutenganisha. Weka trei ndogo tupu kwenye wavu wa chini kabisa, ndogo kiasi cha kuacha nafasi pande zote, iwe mwavuli kati ya koili na keki. Au tumia chombo cha rangi ya fedha badala ya cheusi, kwa sababu cheusi kinameza mnururisho na cha kung'aa kinaurudisha. Usitandike foili kwenye sakafu ya oveni. Kwa umeme inarudisha moto kwenye koili na kuiua mapema. Kwa wasomaji wenye oveni ya gesi ni hatari zaidi, maana sakafu ile ina matundu ya kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye bana iliyo chini yake. Ukiyaziba, gesi inaungua vibaya na kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Katikati kubichi, ambako ndiko kulikokusumbua zaidi, kutapona kwa sehemu kubwa ukishuka tu kwenye 180 halisi. Moto ukizidi, kingo zinaganda mapema, joto linachukua muda kufika ndani, na juu kunapasuka nundu. Kama unaoka chombo kipana, cha sentimita 25 au zaidi, saidia kwa mkanda wa maji: chana taulo kuukuu la pamba kwa upana unaolingana na kimo cha chombo, lilowanishe, likamue lisidondoke, lizungushie nje ya chombo na ulibane kwa pini ya chuma. Maji yaliyomo kwenye kitambaa hayawezi kuvuka nyuzi 100 hadi yakauke, kwa hiyo kingo zinasubiri katikati ifike. Ongeza dakika tano hadi nane. Lisikaribie koili, na kwenye oveni ya gesi mimi silitumii.

Mwanafunzi wangu alioka keki ya majaribio siku mbili baada ya mpira mpya kufungwa. Lakini kabla ya keki nilimlazimisha apime upya, na alinuna, akiona tumesharudi mwanzo. Swichi kwenye 180 sasa ilicheza kati ya 200 na 176, wastani 188. Kosa lilikuwa limeshuka kutoka 18 hadi 8 kwa sababu ya mpira peke yake, na ile soloteipu ya "165 ni 180" ilikuwa uongo. Tukaibandua na kuandika "172." Slesi za mkate zikatoka na nyuma kushoto iliyokolea kidogo tu, mbele kulia ya dhahabu hafifu. Keki ya mayai manne kwenye chombo cha sentimita 22, cha rangi ya fedha, ilikaa dakika 41, ikageuzwa mara moja kwenye ya 27. Kijiti cha meno tulichochoma katikati kilitoka kikavu. Ubavu wa nyuma kushoto ulikuwa na rangi zaidi kidogo, kiasi ambacho krimu inakifunika na mteja hakijui.

Kwa hiyo anza na karatasi mlangoni. Ikiteleza popote, badilisha mpira kabla hujapima alama zako tatu, usije ukaandika namba za siku mbili kama sisi. Mpira unauzwa kwa mita kwenye maduka ya vipuri vya majiko. Nenda na kipande cha ule wa zamani ili unene na umbo lake vilingane, na angalia kama wa kwako unashikwa kwa vindoano au umepachikwa kwenye mfereji. Ukimaliza, nitumie picha mbili za slesi zako, juu na chini, pamoja na vilele na mabonde ya alama tatu. Vilele vikiwa havifanani hata baada ya mpira, hapo tutazungumza kuhusu thamostati mpya, na hiyo nayo ni kazi ya fundi wa umeme na si sababu ya kununua jiko.